Barua ya kumtoa mtoto shuleni: deni ni la mzazi, rekodi ni za mtoto

Kila Desemba na Januari hapa Kenya kuna wazazi wanaozunguka na mtoto ambaye ameshahama lakini karatasi zake hazijahama. Shule mpya imempokea na kumpa dawati, ila inauliza cheti cha kuondoka shuleni na ripoti za mwisho. Shule ya zamani nayo inajibu kwamba mzazi amalize karo kwanza. Msimamo wangu ni kwamba jibu hilo ni kosa, hata pale ambapo deni ni la kweli. Vilevile naona barua zetu wazazi zinachangia sana kuifanya shule iweze kutoa jibu kama hilo.

Jirani yangu alipata uhamisho wa kikazi kutoka Thika kwenda Nakuru. Mtoto wake alikuwa amemaliza Gredi ya 5 katika shule ya kibinafsi. Aliandika barua ya sentensi mbili: kwamba anamtoa mtoto kwa sababu ya uhamisho, na kwamba anaishukuru shule. Akaikabidhi kwa karani bila kubaki na nakala. Alipokuja kuuliza cheti, aliambiwa barua haijulikani ilipo, na kwamba anadaiwa shilingi 18,500 za muhula wa tatu pamoja na karo ya muhula mzima wa kwanza, kwa kuwa hakutoa notisi. Mtoto alianza Gredi ya 6 Nakuru akiwa darasani kwa mwili tu. Katika NEMIS, mfumo wa Wizara ya Elimu wa kusajili wanafunzi, alikuwa bado mwanafunzi wa Thika.

Hapo kwenye NEMIS ndipo wazazi wengi hawaangalii. Tunadhani kuhama ni karatasi, na tukishaipata tumemaliza. Lakini mtoto aliyesajiliwa ana nambari yake ya UPI, iliyotolewa kwa kutumia cheti cha kuzaliwa, na nambari hiyo hukaa chini ya shule moja kwa wakati mmoja. Shule mpya ikijaribu kumwingiza, mfumo unaonyesha kwamba yuko kwingine, na mpaka shule ya zamani imwachilie, mpya haiwezi kumchukua. Mzazi anaweza kuwa na cheti kizuri chenye mhuri mkononi, na bado mtoto hajahama. Kwa shule za umma hili lina uzito wa pesa pia, maana mgao wa serikali hufuata wanafunzi walioonekana katika mfumo.

Kisha kuna alama. Chini ya mtaala wa umilisi, kazi za tathmini zinazofanyiwa shuleni, zile tunazoziita SBA, huandaliwa na Baraza la Mitihani, KNEC. Walimu huzisimamia, na alama huingizwa na shule yenyewe katika tovuti ya baraza chini ya nambari ya tathmini ya mtoto. Matokeo ya mwisho wa shule ya msingi yalipangwa hivi: asilimia 60 kutokana na SBA za Gredi ya 4, 5 na 6, na asilimia 40 kutokana na mtihani wa KPSEA. Matokeo hayo ya msingi nayo yakapewa asilimia 20 katika hesabu ya kumpeleka mtoto sekondari ya juu baada ya Gredi ya 9. Kwa hiyo alama ambayo mwalimu wa Gredi ya 5 hakuiingiza kwa sababu mtoto "ameshaondoka" inaweza kumfuata kwa miaka minne. Ripoti ya mwisho wa muhula, ile yenye kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia na mbali na matarajio, haiwezi kuziba pengo hilo. Ni karatasi ya shule, na baraza halisomi alama kutoka kwake.

Ndiyo maana nasema barua ya kumtoa mtoto isiandikwe kama barua ya kuaga. Iandikwe kama ombi la vitu vinavyotajwa kimoja kimoja, lenye tarehe. Jirani yangu alipoandika upya, tulikaa mezani kwake jioni moja na barua ikatoka hivi:

Kwa Mwalimu Mkuu,

KUH: KUMWONDOA SHULENI (jina la mtoto kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa), GREDI YA 5, NAMBARI YA USAJILI (…), UPI (…), NAMBARI YA TATHMINI YA KNEC (…)

Mimi ni mama mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu. Siku yake ya mwisho shuleni ilikuwa (tarehe ya kufunga muhula wa tatu). Anahamia (jina la shule mpya na kaunti).

Naomba nipewe cheti cha kuondoka shuleni, ripoti za mihula yote mitatu ya mwaka huu, na nakala ya alama zake za SBA za Gredi ya 4 na ya 5 kama zilivyoingizwa katika tovuti ya baraza. Naomba pia aachiliwe katika NEMIS ili shule mpya imsajili.

Kuhusu karo, nakubali salio la shilingi 18,500 na nitalilipa kwa awamu tatu kuanzia mwisho wa mwezi huu. Dai la karo ya muhula wa kwanza tutalijadili kwa barua nyingine. Naomba mambo ya karo yasicheleweshe rekodi za mtoto.

Wako mwaminifu.

Haina zaidi ya hayo. Sababu ya kuhama haikuandikwa kwa urefu kwa kuwa shule haihitaji kushawishiwa. Malalamiko hayakuwekwa kabisa, ingawa mama huyu alikuwa nayo mengi, kuhusu chakula na kuhusu mwalimu aliyebadilishwa mara kwa mara. Malalamiko yakiingia katika barua hii, shule itajibu malalamiko na kuacha ombi. Yana barua yake.

Jina kuandikwa kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa ni jambo dogo linaloumiza watu. Watoto wetu wengi wanaitwa shuleni kwa jina la ubatizo na la babu, huku cheti cha kuzaliwa kikiwa na jina la baba. Cheti cha kuondoka kikitoka na jina la darasani, shule mpya itakuwa na watoto wawili katika karatasi zake. Kikague papo hapo ofisini, kabla ya kusaini kwamba umekipokea: tahajia, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kujiunga na ya kuondoka, gredi aliyomaliza. Cheti kinachosema alikuwa "katika Gredi ya 5" na kinachosema "amemaliza Gredi ya 5" si sawa, maana cha kwanza kinaweza kumfanya akariri darasa.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki shuleni, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Karani akikataa kugonga mhuri, itume kwa barua pepe ya shule siku hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwa deni. Wenye shule za kibinafsi wananiambia kwamba wakitoa karatasi kabla ya karo, mzazi hatarudi tena. Nawaelewa, kwa sababu walimu wao wanakula kutokana na karo hiyo, na wapo wazazi wanaohama shule kila mwaka wakiacha madeni nyuma. Lakini aliyetia sahihi mkataba wa karo ni mzazi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hakukopa chochote. Na shule haikosi njia: kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na si lazima kuwa na wakili ili kufika mbele yake. Salio la karo ya shule ya msingi linaingia humo bila shida. Shule inayoshikilia rekodi inachagua njia rahisi kwake, na gharama inamwangukia asiyedaiwa.

Kwa upande wa vyeti vya mitihani ya kitaifa sheria imeshasema. Sheria ya KNEC ya 2012 inakataza mtu yeyote au taasisi yoyote kumnyima mtahiniwa cheti chake. Sioni kwa nini mantiki hiyo iishie kwa cheti cha kidato cha nne na isimfikie mtoto wa Gredi ya 5, hasa tukikumbuka kwamba kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi na kutaka maslahi yake yawe ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Wizara ingeandika sentensi moja wazi kuhusu cheti cha kuondoka, ripoti na kuachiliwa katika NEMIS, fujo ya Januari ingepungua sana.

Mpaka hapo, mzazi ana njia nyingine ambayo wachache wanaitumia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi, na kwa mtoto haki hiyo inatumiwa na mzazi au mlezi. Kanuni za 2021 zinaipa taasisi siku saba kujibu ombi la namna hiyo. Ripoti na alama za SBA ni taarifa za mtoto. Na shule haziko nje ya sheria hii: mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 na Kamishna wa Data kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ila tusiivute sheria hii kupita urefu wake. Inakupa nakala za taarifa. Hailazimishi shule kuandika cheti kipya cha kuondoka, wala kubonyeza kitufe cha NEMIS. Kwa hayo mawili, ofisi ya kwenda ni ya Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo ilipo shule ya zamani, ukiwa na ile nakala yenye mhuri, cheti cha kuzaliwa, na barua ya shule mpya inayosema imempa mtoto nafasi.

Jirani yangu alifika huko. Afisa alisoma barua, akaona salio limekubaliwa na mpango wa kulilipa umeandikwa, akampigia mwalimu mkuu simu. Mtoto aliachiliwa katika mfumo wiki hiyo, na ripoti zikatoka pamoja na cheti. Alama za SBA za Gredi ya 4 zilikuwepo. Za Gredi ya 5 zilikuwa hazijaingizwa, na mwalimu wa darasa akaziingiza kutoka daftari lake kwa kuwa dirisha la baraza lilikuwa bado wazi. Dai la karo ya muhula wa kwanza bado linajadiliwa kwa barua, na mama analipa awamu zake.