Imeli Iliyopita Haikupita

Yote yalianzia kwenye risiti ya mafuta ya Nangurukuru.

Nilikuwa nimerudi kutoka safari ya kikazi Mtwara. Siku sita, masurufu shilingi 860,000, na kwa utaratibu wa ofisi yetu ukirudi una siku 14 za kufanya marejesho. Zikipita hujaleta risiti, hela inakatwa kwenye mshahara, tena yote, hata ile uliyolalia gesti. Sasa risiti za EFD hazina wino. Ni karatasi inayoandikika kwa joto, na ukiishindilia kwenye pochi ya ngozi bandia wiki nzima inakurudia nyeupe kama kanzu ya Ijumaa. Ile ya Nangurukuru ilikuwa imebakiza neno "AHSANTE" na kivuli cha jumla.

Nikaamua kuskani zote 23 kwa ubora wa juu kabisa. Rangi, nukta 600 kwa inchi, ili huko uhasibu wakikuza waone hicho kivuli. Faili likatoka megabaiti 19. Nikaliambatisha, nikaandika maneno mawili ya heshima, nikabonyeza kutuma, nikaenda kula wali maharage nikiwa na amani ya mtu asiyedaiwa.

Hapa sina budi kueleza mimi ni nani pale ofisini. Mimi ndiye msambazaji wa meme. Tuna grupu la WhatsApp ambalo bosi hayumo, na kila Jumatatu asubuhi wanangoja mzigo wangu. Kazi kubwa niliyoifanya, ambayo bado najivunia, ni kamusi ya Kiingereza cha ofisini: upande wa kushoto maneno yaliyoandikwa, upande wa kulia yanayomaanishwa. "Noted" maana yake nimesikia na sifanyi. "Gentle reminder" maana yake hii ni mara ya tatu na upole umeisha. "I hope this email finds you well" niliiwekea picha ya paka aliyelowa, kwa sababu ndivyo imeli inavyotukuta. Na juu kabisa, kwa herufi nene, mfalme wao: "Per my last email". Tafsiri yangu: *Huoni, au hujui kusoma?*

Utamu wa hayo maneno ni kwamba ukiyatazama hayana kosa. Kama nilivyoeleza kwenye imeli yangu iliyotangulia. Nani atakushtaki kwa hilo? Ni teke lililovaa soksi. Na ndiyo maana, ingawa sote tisa pale ofisini ni Waswahili watupu na tukikutana kwenye ngazi tunasalimiana mpaka habari za kuku, ugomvi tunaufanyia kwenye Kiingereza. Kwa Kiswahili ungelazimika kuanza na shikamoo, na mtu ukishamwamkia huwezi tena kumwuliza kama anajua kusoma.

Basi, siku ya tisa tangu nitume risiti, ikaingia imeli kutoka kwa Mama wa Uhasibu. Sina haja ya kumtaja jina. Ni mama wa makamo, miwani yake ina mnyororo, anakaa ghorofa ya pili na amewahi kukamata risiti ya bodaboda iliyoandikwa na aliyepanda mwenyewe, akaitambua kwa mwandiko wa herufi "g". Aliandika kistaarabu: marejesho yako sijayaona, zimebaki siku tano.

Sijayaona! Risiti 23, rangi, nukta 600!

Ningeweza kushuka. Mimi niko ghorofa ya nne, yeye ya pili, lifti mbovu, lakini kushuka si kupanda. Sikushuka. Nilikunja mikono ya shati. Nikaandika: "Dear Madam, Not sure if you saw my last email." Nikaona bado haijauma. Nikaongeza sentensi ya pili: "Per my last email, all receipts were submitted on time. Kindly check your inbox." Mwisho, badala ya "Kind regards" yangu ya siku zote, nikaweka "Regards" kavu. Wanaojua wanajua: "Kind" ikiondoka, vita imetangazwa. Kisha nikamwekea mkurugenzi nakala.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 2018 kampuni ya Adobe iliwauliza wafanyakazi wa ofisini huko Marekani ni maneno gani ya kwenye imeli yanayowakera kuliko yote. La kwanza lilikuwa "Not sure if you saw my last email". La pili "Per my last email". Mimi nilikuwa nimeyatumia yote mawili kwa mistari mitatu, kwa mama wa umri wa mama yangu, bosi akiangalia.

Nikatuma. Nikapiga picha ya skrini, nikaitupia kwenye grupu na maneno haya: "Leo nimemshushia mfalme." Stika za moto zikamiminika. Mtu wa mapokezi akatuma ile ya mzee anayevua kofia. Kijana wa stoo akaandika, "Kaka, huna adabu, nakupenda." Nilijisikia kama niliyefunga goli la dakika ya 90.

Dakika kumi baadaye jibu likaja, Reply All, kwa Kiswahili:

"Mwanangu, imeli ipi? Nimetafuta kila mahali, mpaka kwenye takataka. Nitumie tena, usihangaike. Pole na safari."

Mkurugenzi akafuata na neno moja: "?"

Nikacheka kidogo, cheko la mtu mwenye ushahidi. Nikafungua folda ya zilizotumwa ili nimrushie ile imeli na tarehe yake. Nikashuka mpaka siku ile. Kulikuwa na imeli niliyomtumia fundi wa kiyoyozi, na nyingine ya kuagiza keki ya bethidei ya mtu wa mapokezi. Ya risiti haikuwepo. Nikatafuta kwa jina lake, haikuwepo. Jasho likaanza kunitoka nyuma ya masikio, nikaita kijana wa tehama.

Huyu kijana hazungumzi sana. Aliinama, akanyoosha kidole kwenye folda moja ambayo, nakuapia, sikuwahi kuiangalia tangu niajiriwe: Outbox. Pembeni yake palikuwa na namba 1. Akaibonyeza. Imeli yangu ilikuwa imekaa humo, na risiti zake zote na heshima zake zote, kama abiria aliyelala stendi.

"Hii haijawahi kutoka kwenye kompyuta yako," akasema.

"Haiwezekani. Seva yetu inakubali megabaiti 25, ulituambia mwenyewe. Faili langu ni 19."

"Faili ni 19. Imeli si faili." Akavuta kiti, na hapo ndipo nilipopata somo. Kumbe imeli ilizaliwa kusafirisha maandishi tu. Picha au skani ikitaka kupanda, inabidi kwanza igeuzwe iwe herufi, na kila baiti tatu zinatoka baiti nne. Ni kama kufunga samaki kwenye magazeti: uzito wa mzigo unapanda kwa theluthi nzima hata samaki wasipoongezeka. Kwa hiyo 19 yangu ikifika mlangoni ni 25 na ushee, karibu 26. Outlook iliniruhusu kuambatisha kwa sababu yenyewe inaangalia faili tu, na mpaka wake kwa akaunti kama zetu ni 20. Seva ikaupima mzigo uliokwishafungwa, ikaukataa.

"Sasa mbona haikuniambia?"

Akanitazama. Wakati huohuo, bila kuguswa na mtu, kidirisha kikachomoza katikati ya skrini. Kina mistari miwili ya maandishi madogo na alama nyekundu. Mkono wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukaenda kwenye kile kialama cha X pembeni ukakifunga.

Tukakaa kimya.

"Hicho," akasema. "Hicho ulichofunga. Kilikuwa kinakwambia 552, mzigo umezidi. Kila ikijaribu kutuma kinatokea. Umekifunga mara ngapi?"

Siku tisa. Mashine inajaribu kila nusu saa. Hesabu ilinishinda, na isingenisaidia. Ila nakumbuka kwamba asubuhi ileile nilimlalamikia jirani yangu wa meza kuwa "hii kompyuta ina matangazo sana".

Nikamwuliza kuhusu ile Recall, kitufe cha kurudisha imeli iliyokwenda. Akasema hicho ni cha ofisi zenye Exchange yao. Sisi ni wapangaji kwenye seva ya watu, imeli ikitoka imetoka. Aliposimama kuondoka alinipa tiba ya dakika mbili: skani upya, kijivu badala ya rangi, nukta 200. Faili likatoka pungufu ya megabaiti mbili. Na kivuli cha Nangurukuru kilionekana vilevile.

Kwenye grupu nilikuta ukimya mzito wa watu wanaoandika kwa wakati mmoja. Kisha kijana wa stoo akanirushia kamusi yangu mwenyewe, ameizungushia duara jekundu pale juu: *Huoni, au hujui kusoma?*

Nikashuka ghorofa mbili na karatasi mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, lakini mlango ulipofunguka kilichotoka ni "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzima?"

"Mzima. Mama, ile imeli..."

"Ilikuwa imekaa." Kijana wa tehama, kumbe, huongea akitaka. Akapokea karatasi, akazipitia moja moja, akasimama kwenye ya Nangurukuru, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaandika kiasi kwa penseli pembeni. "Hii tutaipiga picha ya kawaida siku nyingine, ukiwa hukohuko kituoni. Haya, nenda kafanye kazi."

Sikuamini. Nilipanda ngazi nikihisi nimesamehewa kwa bei ya jumla.

Wiki mbili zikapita. Nikaomba masurufu mengine, safari ya Tanga, na jibu lake likaja kwa Kiingereza, la kwanza kuniandikia kwa lugha hiyo tangu nimjue: "Per my last email, your request is missing one attachment. Regards."

Regards kavu.

Nilitafuta hiyo imeli yake iliyotangulia kuanzia saa nane mchana. Zilizoingia, takataka, zilizofutwa, Outbox mara mbili. Nilimwita kijana wa tehama akatafuta kwenye seva. Nilifungua hata imeli za mwaka juzi. Saa kumi na nusu nikashuka, shati limelowa mgongoni.

"Shikamoo mama. Samahani, ile imeli yako ya mwanzo siioni kabisa."

Akavua miwani, ikaning'inia kwenye mnyororo wake. Fomu yangu ya masurufu ilikuwa mbele yake, imeshasainiwa, na fedha ziko kwenye bahasha juu yake.

"Haipo," akasema. "Hesabu hizo hela."