Mtoto anafuata wimbo, si maneno

Mjomba wangu ana sauti ya kumwita konda aliye ng'ambo ya barabara. Juzi kapewa mjukuu wa miezi minne ampakate, sauti ikapanda hadi darini: "Weeewe! Umeamkaaa? Umeamka babaaa?" Mtoto akamkodolea macho, miguu ikirusha mateke. Shangazi akanuna. "Acheni hiyo lugha ya kitoto, atachelewa kusema."

Mimi niko upande wa mjomba.

Mwaka 1985 mtafiti wa Marekani, Anne Fernald, aliwapima watoto wa miezi minne. Mtoto akigeuza kichwa upande mmoja, spika inatoa sauti ya mama anayesema na mtoto wake. Akigeukia wa pili, anasikia mama akizungumza na mtu mzima. Wengi wao walipendelea ile ya kwanza. Lakini huenda walivutwa na maneno matamu? Basi mwaka 1987, yeye na Patricia Kuhl wakayaondoa maneno kabisa, ukabaki mlio wa mashine. Mlio mmoja ulipanda na kushuka kama sauti ya mama. Mwingine ulibaki na nguvu yake tu, wa tatu na urefu wa silabi tu. Watoto waliujali ule wa kupanda na kushuka. Ile miwili mingine haikuwavuta.

Kwangu hili halishangazi sana. Tumboni, sauti ya mama hupita kwenye nyama na maji, konsonanti nyingi zikapotelea njiani, ila mahadhi yanafika. Mtoto anazaliwa akiyajua. Na mahadhi yenyewe yana maana: "usishike!" hukatwa ghafla, "nyamaza mwanangu" hurefushwa na kushuka taratibu, "eeeh, hongera!" hupanda kisha ikashuka. Hajui neno hata moja, lakini ameshajua kama anakatazwa, anabembelezwa au anasifiwa.

Sasa hofu ya shangazi. Anachanganya mambo mawili. Kuyavunja maneno, maji yakaitwa "mama" na chakula "nyamnyam", ni jambo moja. Kupandisha sauti ni jingine, na halivunji neno lolote. Tena shangazi mwenyewe humsemesha paka wake kwa sauti nyembamba kuliko ya mjomba! Mwaka 2002 Denis Burnham na wenzake walichapisha utafiti wa Australia kuhusu jambo hilohilo: akina mama waliipandisha sauti kwa watoto wao na kwa paka na mbwa vilevile. Tofauti ilikuwa kwenye irabu. Kwa mtoto, a, i na u zilitamkwa kwa upana zaidi, kila moja ikasimama mbali na mwenzake. Kwa wanyama hazikupanuliwa hivyo.

Nilimsimulia shangazi. Akamtazama paka, akasema huyo wa kwake anaelewa kila kitu.