Orodha ya vyumba ya asubuhi isipangwe kwa namba za milango

Ukiingia ofisi ya usafi katika hoteli nyingi za hapa Dar es Salaam saa 1 asubuhi, utakuta karatasi imeshachapwa kutoka kompyuta ya mapokezi. Vyumba vimepangwa kuanzia namba ndogo hadi kubwa, na pembeni ya kila namba kuna herufi mbili tatu. VD ni chumba kitupu ambacho hakijasafishwa, VC ni kitupu na kisafi, OD mna mgeni na usafi bado, DO mgeni anategemewa kutoka leo, OOO kina ubovu na hakiuzwi. Supavaiza anaikata karatasi hiyo kwa ghorofa, kila mhudumu anapewa kipande chake, toroli zinasukumwa.

Maelekezo yanayoambatana nayo ni yaleyale kila mahali: anza na waliotoka, wanaobaki watafuata. Mimi siyakubali. Yanamtazama mgeni anayeondoka, wakati anayetupa presha ni yule anayekuja. Halafu saa 1 asubuhi karibu wote wenye DO bado wamelala. Muda wa mwisho wa kutoka ni saa 4, hoteli nyingine saa 5. Mhudumu anayetii maelekezo hayo neno kwa neno anabaki kuzunguka koridoni na toroli lake, anapiga hodi kwa watu walio usingizini, na ikifika saa 5 anaangukiwa na vyumba vinne kwa mpigo.

Kitu ninachokitaka kwenye karatasi ile ni safu ya saa ya kufika, na mara nyingi ni tupu. Mapokezi huacha saa 8 mchana kwa kila mtu kwa sababu ndiyo saa rasmi ya kuingia. Lakini watu wa mapokezi wanajua zaidi ya hapo, au wanaweza kujua kwa simu moja. Mgeni anayekuja na ndege inayotua Julius Nyerere alfajiri hatakaa kwenye kochi mpaka saa 8 akitabasamu. Anayetoka Dodoma kwa SGR amekata tiketi ya saa fulani, na anayevuka kutoka Zanzibar anakuja na boti yenye ratiba. Kwa hiyo kabla ya kugawa karatasi, supavaiza aende mapokezi na kalamu, akae dakika kumi, aulize jina kwa jina: huyu anafika saa ngapi, na ameomba nini? Aandike kwa saa za kompyuta, 16:00, kwa sababu ukiandika "late 4" mmoja atasoma saa 4 asubuhi na mwingine saa 10 jioni, na wote watakuwa na hoja.

Nichukue ghorofa moja tuone. Ni ya nne, ina vyumba kumi na vitatu, mhudumu mmoja. Chumba 401 ni kisafi na kitupu, 413 kiyoyozi kimekufa, hivyo viwili tuviache. Wanaobaki ni 403, 404, 406, 408 na 412. Vitupu vichafu ni viwili: 405, aliyetoka jana jioni baada ya zamu ya mchana kufunga, na 402, aliyewahi ndege kabla hakujapambazuka. Wanaotegemewa kutoka ni 407, 409, 410 na 411.

Kwa muda, chumba cha aliyetoka naweka dakika 40 kwa mhudumu mzoefu, na cha anayebaki dakika 20. Ni makadirio yangu, chumba cha familia ya watoto watatu kinaweza kula saa nzima.

Sasa ongeza yaliyotoka mapokezi. Wa kuingia 405 anafika saa 3 asubuhi na ameshakubaliwa kuingia mapema. Kwenye 402 inakuja familia saa 8 mchana, wanataka kitanda cha mtoto mchanga. 407 wanakuja wafanyakazi wawili wa kampuni moja saa 7 mchana, kila mtu na kitanda chake. 409 ameruhusiwa kukaa mpaka saa 10 jioni, na mgeni mpya wa hapo ni wa saa 3 usiku. 410 anaingia mtu saa 12 jioni. 411 hana mtu leo.

Kwa namba za milango mhudumu angeanza 402. Kwa maelekezo ya waliotoka kwanza angeanza 402 au 405, bahati nasibu. Kwa saa ya kufika hakuna ubishi: 405 saa 1 na nusu, saa 2 na dakika kumi anatoka, na supavaiza awe mlangoni kukagua. Hapo ndipo mipango mingi mizuri inapofia. Mhudumu anafuata mpangilio, supavaiza naye anakagua kwa namba, kwa hiyo 405 kinakaa kimesafishwa bila kukaguliwa, na mapokezi hawawezi kutoa ufunguo. Chumba ambacho hakijakaguliwa, kwa mgeni aliyesimama na begi, ni kichafu tu.

Baada ya 405 aingie 406, ingawa ni wa kubaki, kwa sababu ametundika kadi ya kuomba usafi na amekwenda kunywa chai. Nusu saa ile hairudi. Akimaliza, 402. Kitanda cha mtoto kiwe kimeombwa stoo tangu saa 1 na nusu, maana hoteli huwa navyo vichache na ghorofa nyingine nazo zinavitafuta. Kitanda kikifika saa 8 kikiwa kimekosa shuka yake ndogo, chumba kizima kimechelewa kwa ajili ya kitambaa cha nusu mita. Kuanzia saa 3 na dakika ishirini apite 403, 404 na 408 kadiri wanavyotoka. Huu ndio muda wa wanaobaki, wakati wanaoondoka bado wanafunga mabegi.

Katikati ya hapo, saa 3 na nusu, 410 ametoka, na alikuwa akivuta sigara ndani ingawa hairuhusiwi. Mgeni mpya ni wa saa 12 jioni, kwa hiyo kwa saa ya kufika kingekuwa kati ya vya mwisho. Hapana. Harufu haiondoki kwa dakika 40. Mhudumu asimamishe anachofanya, atumie dakika tano: atoe shuka, foronya na taulo zote, amwage majivu, afungue dirisha kama linafunguka na feni iwashwe, afunge mlango aondoke. Atarudi kukisafisha mchana. Kipimo changu, kwa hiyo, ni saa ya kufika ukitoa saa ambazo chumba chenyewe kinahitaji, hata kama nyingi kati ya hizo hakuna mtu ndani. Kapeti iliyooshwa ni hivyohivyo, na kwa unyevu wa Dar wakati wa masika mwezi wa nne, kapeti iliyoloweshwa mchana sitaahidi mtu kuikanyaga jioni.

Maombi mengine nayo yana tabia tofauti, na karatasi inayaweka yote kwenye safu moja kana kwamba yanafanana. Msala wa kuswalia au chupa za maji za ziada unaziweka wakati wowote, hata baada ya ukaguzi. Lakini kutenganisha kitanda kikubwa kuwa viwili kunatakiwa kujulikana kabla mhudumu hajatandika, kwa sababu shuka ni za saizi nyingine na ziko kwenye rafu nyingine, huenda ghorofa nyingine. Mwenye mzio wa manyoya anataka mito ibadilishwe, na duvee pia, kisha mashine ya kufyonza vumbi ipite tena. Maombi ya aina hii nayazungushia duara. Yale ya kwanza nayaacha yalivyo.

Turudi kwa 407. Saa 4 na nusu redio inaita: "Dada, 407 bado wamo, wameniambia kupitia mlangoni wanasubiri gari." Gari la kutoka wapi, mpaka lipite wapi, na foleni hii ya mjini? Wageni wapya ni saa 7. Kuna supavaiza atakayemsimamisha mhudumu mlangoni mpaka watoke. Mimi natazama karatasi: 411 ametoka tangu saa 2 na nusu, hana mtu leo, na vitanda vyake ni vya kutenganishwa kama vya 407. Napiga mapokezi. "Kaka, hao wawili wa saa 7 wahamishie 411, 407 kiache bila mtu." Kwenye kompyuta ni kazi ya sekunde chache. Saa 4 na dakika 45 mhudumu yumo 411 akitenganisha magodoro, na kabla ya saa 6 kimekaguliwa. Wa 407 wakitoka saa 6 au saa 7, hakuna wa kukimbizwa.

Sharti lake ni kwamba simu hiyo ipigwe kabla mapokezi hawajamuuzia 411 mtu aliyeingia kutoka barabarani. Na hapa ndipo ninapogombana na wakubwa wa hoteli kadhaa: wanamwona supavaiza wa usafi kuwa mtu wa kupokea orodha. Akipiga simu kuomba chumba kibadilishwe anaambiwa asiingilie kazi ya mapokezi. Wakati yeye ndiye pekee anayejua kwamba kwenye kompyuta 407 na 411 ni vyumba sawa, ila kwa wakati ule kimoja kina watu wamekaa juu ya mabegi na kingine kina shuka za kutolewa tu.

Kompyuta yenyewe haina macho. Ndiyo maana asubuhi mhudumu apite mlango kwa mlango kabla ya kuamini karatasi. Utakuta chumba kimeandikwa kina mgeni, ndani kitanda hakijalaliwa na mabegi hayapo: ameondoka bila kupita mapokezi, labda bili haijalipwa. Au kimeandikwa kitupu, ndani kuna mtu anakoroma. La pili ni baya zaidi, kwa sababu mapokezi wanaweza kumpa mgeni mwingine ufunguo wa chumba hicho. Yote mawili yaripotiwe palepale, isiwe mwisho wa zamu.

412 ametundika "usisumbue" tangu jana usiku. Mhudumu asigonge. Ikifika saa 8 mchana supavaiza apige simu ya chumbani, aulize kama anataka usafi au taulo tu, na jibu liandikwe na saa yake, ili kesho akilalamika tuwe na la kusema. Asipopokea, taarifa iende kwa meneja wa zamu. Saa za kusubiri hutofautiana kwa hoteli, ila ukimya wa siku nzima usipuuzwe popote.

Inabaki 409. Zamu ya mchana inafunga saa 9 na nusu, mgeni anatoka saa 10, kwa hiyo chumba hicho si cha mhudumu wetu hata kidogo, na kukiacha kwenye hesabu yake ni kumwonea. Asubuhi ileile kihamishiwe karatasi ya zamu ya jioni, kikiwa na 16:00 na 21:00 zimeandikwa pembeni, na seti ya shuka zake iachwe kwenye kabati la ghorofa, kwa sababu jioni stoo ya shuka huwa imefungwa na funguo ziko kwa mtu aliyeshapanda daladala.