Kuhimilisha kwa saa bila kusubiri joto: ratiba ya sindano 3 inafaa wapi na inavunjika wapi

Ratiba ya homoni iitwayo Ovsynch, iliyochapishwa mwaka 1995 na Pursley, Mee na Wiltbank, iliahidi jambo moja: ng'ombe wa maziwa ahimilishwe kwa saa iliyopangwa, awe ameonyesha joto au hajaonyesha. Wanaoitetea husema imemwondolea mfugaji mzigo wa kukesha zizini. Wanaoipinga husema ng'ombe wanadungwa sindano 3 na bado wengi hawashiki. Kila upande una ukweli wake, ila mara nyingi wanapima vitu viwili tofauti.

Chukua mfano wa ng'ombe 20 wanaokamuliwa, wote wazima na tayari kupandishwa. Ikiwa anayewaangalia anakamata nusu tu ya joto lao ndani ya siku 21, watahimilishwa 10. Tuseme 40 kati ya kila 100 wanaohimilishwa hushika: mimba ni 4. Kwa ratiba ya sindano, wote 20 wanahimilishwa. Hata kiwango cha kushika kikishuka hadi 35 kwa 100, mimba ni 7. Kwa hiyo ratiba haimfanyi ng'ombe mmoja mmoja ashike vizuri zaidi, bali inaongeza idadi ya wanaofikiwa na mbegu. Sasa weka mwangalizi hodari anayekamata joto 8 kati ya 10. Atahimilisha ng'ombe 16 na kupata mimba 6, bila sindano hata moja na kwa mirija 4 ya mbegu pungufu. Katika kundi la namna hiyo, kuwadunga wote ni gharama isiyo na faida ya maana. Sindano zinabaki na kazi kwa wale wachache ambao joto lao halionekani.

Saa zenyewe hazina unyumbufu mwingi. Jumatatu ya kwanza, saa 2 asubuhi, ng'ombe hudungwa mikrogramu 100 za gonadorelini kwenye msuli. Lengo ni kupasua kifuko cha yai kilichokomaa ili wimbi jipya la vifuko lianze, na pale kilipopasuka pamee kinundu cha manjano kinachotoa progesteroni. Jumatatu ya pili, saa 2 asubuhi, hupewa prostaglandini, yaani mikrogramu 500 za kloprostenoli au miligramu 25 za dinoprosti, ili kinundu hicho kife. Saa 56 baadaye, Jumatano saa 10 jioni, gonadorelini hurudiwa ili yai jipya litoke. Baada ya saa 16, Alhamisi saa 2 asubuhi, ng'ombe anahimilishwa.

Sindano ya kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu inategemea ng'ombe yuko siku ya ngapi ya mzunguko wake. Akiwa kati ya siku ya 5 na ya 9, kifuko kikubwa kipo na hupasuka vizuri. Akiwa siku ya 2, vifuko bado ni vidogo mno na sindano haipati cha kupasua. Akiwa siku ya 15 na kifuko kisipasuke, mwili wake wenyewe utaua kinundu siku mbili tatu baadaye. Ataingia kwenye joto mwishoni mwa wiki ileile, na mbegu ya Alhamisi itamkuta yai limeshapita. Ndiyo sababu makundi mengi hutanguliza prostaglandini mara 2, zikipishana siku 14, kisha ratiba huanza siku 10 hadi 14 baada ya ile ya pili. Hatua hiyo huwasogeza ng'ombe wengi kwenye siku nzuri za mzunguko. Lakini inaongeza wiki kadhaa na sindano 2, na haimsaidii ng'ombe ambaye ovari zake zimelala.

Ovari zilizolala ni kikwazo cha pili. Ng'ombe aliyekonda, mwenye alama ya mwili chini ya 2.5 kwenye kipimo cha 1 hadi 5, au ng'ombe wa nyama anayenyonyesha, huenda hana kinundu chochote. Kwa huyo, kifaa cha progesteroni huwekwa ukeni siku ya sindano ya kwanza na kutolewa siku ya prostaglandini. Kinasaidia, ila hakijazi pengo la lishe, na hapa wanaopinga wana hoja nzito: homoni zikitumika kufunika njaa, mimba chache zinazopatikana hulipiwa ghali.

Kikwazo cha tatu ni kinundu kisichokufa sawasawa. Kinundu kilichozaliwa na sindano ya kwanza kina umri wa siku 5 au 6 tu prostaglandini inapofika, na baadhi hudhoofika kisha hufufuka. Progesteroni kidogo inayobaki inatosha kuzuia mimba. Dozi ya pili ya prostaglandini, saa 24 baada ya ya kwanza, hupunguza tatizo hili waziwazi, hasa kwa ng'ombe waliozaa zaidi ya mara moja. Ukiwa na nafasi ya kuongeza sindano moja tu, naona iwe hii.

Halafu kuna mkono wa binadamu. Ikiwa katika kila zamu ng'ombe 1 kati ya 10 anarukwa, anadungwa kwenye mafuta badala ya msuli, au anapata nusu ya dozi kwa sababu bomba lina hewa, basi kati ya wale 20 ni 15 tu watakaokuwa wamepata sindano zote 3 ipasavyo. Makosa hayo hayaonekani siku ile. Yanaonekana mwezi unaofuata, na lawama huishia kwa dawa.

Kundi likishindwa, tarehe za joto ndizo zinazosema ni hatua gani iliyovunjika. Walioonyesha joto kati ya Ijumaa na Jumanne kabla ya uhimilishaji ni wale ambao sindano ya kwanza haikuwapata, na hao wahimilishwe kwa joto lao, wasingojee Alhamisi. Anayeonyesha joto takriban wiki 2 baada ya prostaglandini anashukiwa kuwa kinundu chake hakikufa. Wanaorudi siku ya 18 hadi 24 baada ya mbegu walifuata ratiba vizuri. Kwao chunguza mbegu, maji ya kuyeyushia (nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi), mkono wa mhimilishaji, ugonjwa wa kizazi na joto la hewa. Asiyerudi kabisa, lakini akipimwa baada ya siku 30 hana mimba, ama alikuwa na ovari zilizolala ama alipoteza mimba changa. Kutoonyesha joto Alhamisi yenyewe si dalili ya kushindwa, maana sindano ya mwisho mara nyingi hulitoa yai kabla dalili hazijajitokeza.

Mitamba wasiwekwe kwenye ratiba hii ilivyo. Mawimbi ya vifuko vyao hupishana haraka na gonadorelini ya kwanza huwakosa wengi. Wanahitaji ratiba fupi ya siku 5 yenye kifaa cha progesteroni, na joto lao huonekana kwa urahisi kuliko la ng'ombe wanaokamuliwa sana.

Kabla ya prostaglandini yoyote, kila ng'ombe apimwe mimba, maana dawa hiyo hutoa mimba aliyonayo. Inapenya pia ngozi ya binadamu: mwanamke mjamzito na mwenye pumu wasiishike kabisa, na wengine wavae glavu.