Printa ya 3D imechelewa? Acheni kulaumu spidi

Slaisa, ile programu inayoandaa modeli kwa ajili ya printa, inakwambia masaa 3, printa inamaliza kwa 4 na kitu, na ushauri wa kwanza utakaopewa ni ongeza spidi. Mimi nakataa kabisa, spidi mara nyingi haihusiki, kinachokula muda ni mchapuko, yaani kichwa kinachukua muda gani mpaka kichanganye.

Chukua printa yenye mchapuko wa 500 mm/s² na umeiwekea spidi ya 100 mm/s. Ili ifike hiyo 100 ikianza kutoka kusimama inahitaji mm 10, halafu mm 10 nyingine za kufunga breki, kwahiyo mstari wowote chini ya mm 20 haufiki kabisa spidi uliyoandika. Sasa fikiria unajaza ukuta mwembamba kwa vimistari vya mm 5 kwenda na kurudi. Kwa hesabu ya spidi tupu kila kimoja ni sekunde 0.05, lakini kiuhalisia kichwa kinafika 50 tu kisha kinaanza kupunguza, inakuwa sekunde 0.2, mara nne! Vimistari 2000 vya hivyo ulitegemea sekunde 100, unapata 400. (Kwenye kona fimwea, yaani programu iliyo ndani ya printa, huwa haisimamishi kichwa kabisa kwahiyo inapungua kidogo, ila picha ni hiyohiyo.) Na hapo hata uandike spidi ya 200 hupati kitu, muda unabaki uleule. Ukipandisha mchapuko hadi 2000 ndo unashuka nusu, kama fremu inaweza kuhimili, maana ukizidisha utaona mawimbi pembeni ya kona au tabaka zinahama.

Slaisa nyingi siku hizi zinapiga hesabu ya mchapuko, shida zinatumia namba zilizo kwenye profaili yake, sio zilizo ndani ya printa. Kama fimwea ina kikomo cha chini zaidi, makadirio yanakuwa ya uongo. Kama fimwea yako ni Marlin, tuma hii:

```
M503
```

angalia mistari ya M201, M203, M204 na M205, halafu nakili hizo namba kwenye slaisa.

Vipande vidogo vidogo ni shida nyingine. Mviringo uliokatwa kwa vipande vya mm 0.1 unaonekana laini, lakini Marlin kwa kawaida inaona mbele miendo 16 tu na lazima iweze kusimama mwisho wa hiyo miendo, yaani ndani ya mm 1.6, kwahiyo kwa mchapuko wa 500 haithubutu kuzidi 40 mm/s hivi. Na data ikichelewa kufika, bafa, yaani foleni ya miendo inayosubiri, inakauka, kichwa kinashtukashtuka na kuacha vidonge vya plastiki kwenye mikunjo wakati mistari iliyonyooka iko safi, ukiona hivyo ujue ndo yenyewe. Punguza uwingi wa vipande kwenye slaisa, mm 0.3 au 0.5 kwa kipande inatosha kwa vitu vingi na macho hayataona tofauti.