Nondo za pete chini ya ukuta wa tangi: zipunguzwe au zibaki?

Mbunifu wa tangi la maji la duara anauliza kuhusu nondo za pete, zile za mlalo zinazouzunguka ukuta: «Jedwali la hesabu za matangi linaonyesha mvuto wa pete, yaani nguvu ya maji inayovuta ukuta utanuke, chini kabisa ni sifuri. Kwa nini nijaze nondo pale?»

Hoja hii ina msingi. Chukua tangi la kipenyo cha mita 10, maji mita 4, ukuta wa milimita 200 uliofungwa kwenye sakafu. Kama ukuta ungeweza kuteleza juu ya sakafu, mvuto pale ungefika kN 200 kwa kila mita ya kimo. Ukifungwa, hauwezi kutanuka, hivyo maji ya chini hubebwa na ukuta kwa kupinda wima. Mvuto mkubwa unashuka hadi kN 115, mita 1.6 juu ya sakafu, na kwenye sentimita 40 ni kN 30 tu. Malipo yake ni momenti ya kNm 9.3 kwa mita pale chini, inayobebwa na nondo za wima za uso wa ndani. Anayepunguza nondo za pete, basi, amesoma jedwali vizuri.

Lakini jedwali hilo linajua maji peke yake. Zege la ukuta humwagwa juu ya sakafu iliyokwisha kuwa ngumu. Likiganda hupata joto, kisha likipoa hutaka kufupika, na sakafu hulizuia. Kupoa kwa nyuzi 25 ni kufupika sehemu 250 kwa milioni. Ikizuiwa nusu tu, ni 125, na zege changa kwa kawaida hustahimili chini ya 100. Unatokea ufa wa wima, unaopenya ukuta wote, kabla hata tone la maji halijaingia. Nondo zinazoukatiza ni zile zile za pete.

Hapa ndipo hesabu ya maji inapotuangusha. Kwa kN 30, ukiruhusu mkazo wa 130 N/mm², unahitaji kama mm² 230 za chuma. Zege changa lenye nguvu ya 1.6 N/mm² likipasuka linazitupia nondo kN 320. Mm² 230 za chuma cha 460 N/mm² huzidiwa kwenye kN 106. Chuma kinanyooka, na ufa mmoja unaachama badala ya kugawanyika kuwa nyufa nyembamba nyingi. Kinachofikia kN 320 ni mm² 700, yaani asilimia 0.35 ya zege. Nondo za mm 12 kila mm 300, nyuso zote mbili, zinatosha, na ufa unabaki kama mm 0.13.

Tena, sakafu juu ya udongo laini huzunguka kidogo. Ukuta ukiishia kufanya kazi kama wenye bawaba chini, badala ya kufungwa, zile kN 30 zinakuwa karibu 77.

Ukikagua, ufa wa mlalo ndani, pale ukuta unapokutana na sakafu, uulize momenti na nondo za wima. Nyufa za wima zinazopanda kutoka karibu na sakafu ni za kupoa. Kwa tangi kama hili, ningezishusha nondo za pete za katikati ya ukuta hadi sakafuni bila kuzipunguza.