Jibu barua ya Machemba, usijibu daftari lako

Msahihishaji yeyote wa maswali ya historia yenye kifungu cha chanzo asilia anaifahamu aya hii: "Machemba alipinga ukoloni kwa sababu ya kodi kubwa, kunyang'anywa ardhi, kulazimishwa kufanya kazi na kudharauliwa kwa mila." Mwandiko mzuri, sarufi safi, na hakuna neno hata moja lililotoka kwenye kifungu. Mwanafunzi ameliona jina, akaitambua mada, akamwaga alichokariri. Kwa maoni yangu kosa hili tumelifundisha wenyewe. Tunawapa watoto orodha moja ya sababu za Waafrika kupinga ukoloni na kuwaacha waamini kwamba inafaa kila mahali na kila mwaka. Sasa Historia ya Tanzania na Maadili inasomwa kwa Kiswahili, hatuwezi tena kusingizia Kiingereza.

Tuichukue barua yenyewe. Machemba, kiongozi wa Wayao kusini mwa Tanzania ya leo, aliipeleka mwaka 1890 kwa Hermann von Wissmann, kamishna wa Kijerumani. Maandishi yanayosomwa mashuleni yamepitia tafsiri, kwa hiyo hapa natoa maana yake tu. Machemba anasema ameyasikia maneno ya Wissmann lakini haoni sababu ya kumtii, afadhali afe. Hakumbuki kupewa naye hata pesa moja, wala robo ya pesa, wala sindano, wala uzi. Likiwa ni suala la urafiki, hatakataa, leo na siku zote. Ikiwa ni vita, yuko tayari. Kuwa chini yake, hapana. Hataanguka miguuni pake, maana Wissmann ni kiumbe wa Mungu kama yeye. Yeye ni sultani katika nchi yake, na Wissmann ni sultani katika ya kwake. Hatakwenda kwake, kama Wissmann ana nguvu za kutosha, na aje amchukue.

Tuseme maswali ni matatu. (a) Barua hii ilikuwa inajibu nini? Alama 2. (b) Kwa kutumia kifungu, eleza kwa aya kwa nini Machemba alikataa kumtii Wissmann. Alama 6. (c) Barua hii inamsaidia kwa kiasi gani mwanahistoria anayetaka kujua nguvu za upinzani wa Machemba? Alama 7.

Kabla ya kugusa maneno yoyote ya barua, soma mstari unaotaja nani, kwa nani na lini. Mstari huo ni sehemu ya chanzo, na mara nyingi ndio unaomwokoa mtu. Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mei 1890 majeshi ya Wissmann yaliingia Kilwa, Lindi na Mikindani. Kwa hiyo mwaka huo anayedai utii ni kamanda aliyetoka kushinda pwani nzima, na barua ni jibu la dai hilo. Sentensi mbili kuhusu hilo zinatosha kwa (a). Usipoteze robo ukurasa kwa alama 2.

Mwaka huohuo unaibomoa aya niliyoanza nayo. Kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilianza kutozwa mwaka 1898. Barua ni ya 1890. Machemba hakuweza kukasirishwa na kodi ambayo haikuwepo. Mtahiniwa anayeitaja hapo amekosea wakati, na msahihishaji ana haki ya kutompa kitu kwa hoja hiyo hata kama ni hoja sahihi kabisa kwa Majimaji ya 1905.

Ipo aya dhaifu ya aina nyingine, na hii huandikwa na wanafunzi wenye bidii: "Machemba anasema hakupewa pesa. Pia anasema hakupewa sindano. Pia anasema yuko tayari kwa vita." Huyu amesoma kifungu, ila amekinakili. Hajatuambia maneno hayo yanaonyesha nini. Sindano na uzi zinahusianaje na utii? Hapo ndipo kazi ilipo. Machemba anaonekana kuuona utii kama jambo lenye pande mbili: anayedai heshima sharti awe ametoa kitu au ametenda jema. Wissmann hajatoa hata kitu kidogo kabisa, basi hana anachodai.

Jibu la (b) ningependa lianze na jawabu lenyewe, kisha maneno ya kifungu, kisha maana yake, na mwisho mazingira. Kwa mfano:

"Machemba alikataa kumtii Wissmann kwa sababu hakuona uhusiano wowote uliompa Mjerumani haki ya kumtawala. Anasema hajapokea kwake hata sindano au uzi, jambo linaloonyesha kwamba kwake utii ulitokana na wema au deni, na hapakuwa na lolote kati ya hayo. Pia aliona kwamba wote wawili wana hadhi sawa, kwani anajiita sultani katika nchi yake na kumwita Wissmann sultani katika ya kwake. Hata hivyo hakumkataa kama mgeni. Anasema urafiki angeukubali siku zote. Alichokikataa ni kuwa chini yake, wakati ambapo Wajerumani walikuwa wameshaiteka miji ya pwani na kuanza kuwadai utii viongozi wa bara."

Tazama sentensi ya urafiki. Wengi huiruka kwa sababu haiingii kwenye picha ya shujaa aliyewachukia wazungu wote. Mimi naipa uzito kuliko tangazo la vita. Inaonyesha Machemba alijua kutofautisha kushirikiana na kutawaliwa, na mwanafunzi aliyeiona ameonyesha kwamba alisoma hadi mwisho.

Swali la (c) ndilo linalowatenga watahiniwa. Wengi hujibu kwamba barua inafaa sana kwa sababu ni chanzo asilia kilichoandikwa na mhusika mwenyewe. Lakini inafaa kwa kujua nini? Kuhusu msimamo wake, ni ushahidi mzuri mno. Kuhusu nguvu zake, ni ushahidi hafifu: imeandikiwa adui, na mtu anayemwandikia adui hamwambii kwamba baruti inakaribia kuisha. Barua haitaji idadi ya watu, bunduki wala washirika. Haitaji pia biashara, ingawa tunajua kutoka kwingine kwamba viongozi wa Wayao walitajirika kwa misafara ya pembe na watumwa iliyoshuka pwani, na kwamba aliyeshika Lindi na Mikindani ameshika mlango wa biashara hiyo.

Hoja ya biashara inaruhusiwa katika (c), mradi mwanafunzi aseme wazi kwamba haikutoka kwenye barua. Nawahimiza wanafunzi wangu watumie misemo mitatu bila kuichanganya: "kifungu kinasema", "kifungu kinaonyesha", na "tunajua kutoka kwingine". Msahihishaji akiiona, anajua kila dai limesimama wapi. Kwa msemo huo wa tatu ndipo mwaka 1899 unapoingia, Machemba alipovuka kwenda Msumbiji baada ya Wajerumani kumwendea kwa nguvu. Miaka tisa kati ya barua na kuvuka huko inaonyesha kwamba changamoto ya "na aje amchukue" haikuwa ya mdomo tu, ila ushahidi wa hilo unatoka kwenye yaliyotokea baadaye, na jibu la alama 7 linatakiwa liseme hivyo.